Nusu ya Bidoni Tatu

Melchior alizaliwa na ubishi, na vita havikumpunguzia hata kidogo. Ukimwambia kuna jua, atatazama juu kwanza. Ukimwambia barabara ya Butembo ina matope, atakuuliza matope ya wapi na ya tangu lini. Rafiki yake Kahongya alikuwa amemzoea. Walikuwa wamesukuma baiskeli pamoja tangu ndevu hazijawaota, kutoka Beni mpaka Butembo na kurudi, na mtu akisafiri hivyo na mwenzake hujifunza kumwacha aseme.

Watu wa kazi yao huitwa kumba-kumba. Kumba-kumba haendeshi baiskeli, anaisukuma. Hufunga mti kwenye usukani ili aelekeze gurudumu, hupakia mzigo hadi baiskeli isionekane, kisha hukaza mgongo na kwenda. Kabla ya vita, Melchior na Kahongya walikuwa wakisukuma bidoni, yaani madumu, sita sita za mawese, mafuta mekundu yanayotoka kwenye michikichi ya joto huko Beni na kuliwa juu kwenye baridi ya Butembo.

Vita vilipokuja, juu ya mlima wa njia hiyo palikuja kizuizi. Kamba imevutwa kati ya miti miwili, na askari wenye bunduki wamekaa kwenye magogo. Hawakutaka pesa, maana pesa ilikuwa imepotea mifukoni mwa watu. Walitaka mzigo. Neno lao lilikuwa moja tu, la Kifaransa: moitié. Nusu. Ukija na bidoni mbili unaacha moja, unaondoka na moja, na unashukuru kwamba viatu vyako umebaki navyo. Nani angesukuma bidoni sita kuwalisha wenye bunduki? Basi kumba-kumba wote wakapunguza, na Melchior na Kahongya nao wakawa wanasukuma mbili mbili, huku wakinung'unika njia nzima.

Safari hii ilikuwa tofauti, kwa sababu ya Victorine.

Victorine alikuwa dada mdogo wa Melchior. Mume wake, Hippolyte, aliondoka nyumbani asubuhi moja kwenda kutafuta kuni, akakutana na askari wakamtwika masanduku ya risasi, na hakurudi tena. Alimwachia Victorine watoto wawili, Grady na Élodie, na cherehani. Cherehani hiyo iliwalisha kwa muda. Kisha vitambaa vikaacha kufika, na watu wakaanza kununua chakula kwanza, na nguo wakazisahau. Victorine akaivumilia njaa mpaka ikamshinda. Akampa Melchior ile cherehani aishushe Beni, akaibadilishe kwa bidoni mbili za mawese.

Alikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Sokoni Butembo kulikuwa na mama aliyeitwa Jokébed, mkaanga mandazi. Jokébed alikuwa na unga, alikuwa na jiko, alikuwa na wateja, lakini mafuta yalikuwa yamemwishia. Alimwambia Victorine waziwazi, akiweka "mais" ya Kifaransa mahali pa "lakini":

"Mama Grady, uniletee bidoni moja ya kuyala, tutakaanga pamoja, tutagawana. Mais iwe ya kuyala. Na iwe hapa siku ya kwanza ya soko. Isipofika, nitakamata mutu mwingine. Miye pia niko na batoto."

Bidoni moja iliyojaa. Victorine hakuomba zaidi. Alijua askari watachukua moja kati ya mbili, akalihesabu hilo mapema, akakubali. Moja ingebaki, na moja ilitosha.

Huko Beni, cherehani ikaondoka na bidoni zikaja. Melchior na Kahongya walikuwa na mbili mbili zao wenyewe, na sasa mbili za mjane. Jumla sita, zote za manjano, zote za ukubwa mmoja, zimezibwa midomo kwa majani ya mgomba yaliyosokotwa. Hakuna ambaye angeweza kutofautisha ya huyu na ya yule. Wakakaa kwenye kivuli cha ukuta wa duka lililofungwa, wakajadili namna ya kuzibeba.

"Moja-moja," alisema Melchior. "Weye ongeza moja ya Victorine, miye niongeze moja. Kila mutu atakuwa na tatu."

Kahongya akatikisa kichwa. "Tatu haiko muzuri. Beba zake zote mbili, yaani uwe na ine, mbili na mbili. Miye nibaki na mbili zangu."

"Juu ya nini?" Melchior alitaka kujua sababu.

"Juu ya ine inagawanyika. Batakamata mbili, utabaki na mbili: ya kwako moja, ya Victorine moja. Miye batakamata moja, nitabaki na moja. Ukiwa na tatu, batafanya nini?"

"Batakamata nusu!" Melchior alicheka. "Nusu ya tatu ni moja na nusu. Mutoto wa shule ya primaire anajua. Zamani tulikuwa na mbili, tunabaki na moja. Sasa tuko na tatu, tutabaki na moja na nusu. Kila mutu! Nusu yangu na nusu yako, njo hiyo bidoni ya Victorine, yenye kuyala. Mzigo ukiongezeka na nusu yake inaongezeka. Siku zote."

"Hapana siku zote."

"Siku zote, yaya Kahongya!" Alimwita yaya, yaani kaka, hata katika ubishi. "Nusu ya mzigo mukubwa inapita nusu ya mzigo mudogo. Haiwezi kuwa namna ingine."

Hebu tuwe wakweli hapa, maana Melchior hakuwa mjinga. Alichosema ni sahihi. Chukua mafuta kidogo uyagawe katikati, kisha chukua mafuta mengi uyagawe katikati: nusu ya yale mengi itakuwa zaidi, leo na kesho, Beni na hata ng'ambo ya bahari. Hesabu haina ugomvi na hilo. Ila Melchior alikuwa akihesabu mafuta. Kahongya alikuwa akihesabu bidoni.

"Bale basoda ba kizuizi hawafunguake bidoni," alisema Kahongya taratibu. "Hawana kipimo, hawana chombo. Banakamata nzima. Bidoni haikatwi kati-kati sawa muhogo. Ukiwa na tatu, hiyo ya katikati itakwenda kwa nani? Kwa mwenye bunduki ao kwako?"

"Moitié ni moitié. Bao benyewe njo banasema."

"Banasema. Mais umeona bakipima?"

Melchior hakuwa ameona. Lakini mtu mbishi akishikwa mahali hatafuti jibu, anatafuta jiwe la kurusha. Akamtazama Kahongya kuanzia miguuni mpaka kichwani. Kahongya alikuwa ametoka kuugua homa majuma machache nyuma, na mashavu yalikuwa bado yamemwingia ndani. Kwa hiyo hakuweza kusukuma bidoni nne mwenyewe, na wote wawili walilijua hilo.

"Ah, nimefahamu," alisema Melchior. "Haiko hesabu. Ni mugongo. Unataka nibebe peke yangu. Ile homa yako inakuyaka tu siku ya mizigo ya bengine. Hippolyte alisukuma bidoni zako wakati uliteguka muguu, na hakuhesabu. Leo mujane wake anakuomba bidoni moja, unaanza masomo."

Maneno hayo yakatoka yote, na hakuna lililorudi. Kahongya alikuwa amemlilia Hippolyte kuliko ndugu wengine wa damu, na Melchior alimwona akilia. Aliinuka, akanyanyua bidoni moja ya Victorine, akaifunga kwenye baiskeli yake kwa mpira, akavuta fundo mpaka vidole vikamwuma.

"Tatu," alisema. "Umefurahi?"

Akakaza mgongo akaondoka, hakumngoja mwenzake. Katika miaka yote ya kazi yao hawakuwahi kufanya hivyo. Kumba-kumba huenda wawili wawili, maana mlimani mmoja husukuma kwa nyuma baiskeli ya mwenzake, kisha wanarudi kuchukua ya pili. Melchior akasimama na bidoni zake tatu, akitazama mgongo wa rafiki yake ukipungua barabarani. Moyo wake ulimwambia amwite. Kinywa chake kikasema, "Mwache aende, atajua nani mwenye haki." Akakisikiliza kinywa, akakaa tena kivulini mpaka alasiri.

Mlima ulimfundisha adabu. Bila mtu wa kumsukuma kwa nyuma, alipanda hatua chache, akaweka jiwe chini ya gurudumu, akapumua, akaondoa jiwe, akapanda tena. Giza lilipoingia alikuwa bado katikati. Akalala kwenye kibanda cha mkulima mmoja, baiskeli ameilaza ubavuni kwake. Juu huko baridi ni kali, na usiku ule ilipenya mpaka kwenye mifupa. Alijifariji kwa hesabu. Moja na nusu, alijiambia. Yangu moja, na nusu ya dada yangu. Kahongya naye nusu. Nusu na nusu, bidoni imejaa. Akasinzia akiwa ameridhika.

Asubuhi akafika kwenye kamba.

Askari walikuwa wanne, wamejikunyata kando ya moto. Aliyeinuka alikuwa kijana mrefu aliyeletwa na vita kutoka mkoa wa mbali, mwenye sweta la mwanamke chini ya koti la jeshi. Hakuwa na sura ya ukatili. Alikuwa na sura ya mtu mwenye njaa na usingizi. Akazitazama bidoni, akaelekeza kidole.

"Moitié, papa. Fungua hii na hii."

"Mbili?" Melchior akazifunika bidoni kwa mikono. "Chef, ziko tatu. Moitié ya tatu haiko mbili. Ni moja na nusu."

"Unanifundisha?"

"Hapana, chef. Ninasema tu. Kamata moja. Hii ya pili tutaigawa, weye nusu, miye nusu. Njo moitié ya kweli."

Wale wa kwenye moto wakacheka. Yule kijana hakucheka. Alionekana kulifikiria jambo lenyewe, kana kwamba mtu hajawahi kumletea. "Sawa," alisema. "Gawa."

Melchior akainama haraka kabla mtu yule hajabadili mawazo. Akang'oa jani la mgomba, akainamisha bidoni. Hakuna kilichotoka. Akaiinamisha zaidi, akaitikisa, akaipiga kitako. Mawese ya Beni hutiririka vizuri kule kwenye joto, lakini ukiyalaza mlimani yanaganda. Ndani ya mdomo wa bidoni mafuta yalikuwa yamekaa mazito, mekundu, yamegoma. Na hata kama yangetoka, yangeingia wapi? Hakukuwa na bidoni tupu, hakukuwa na sufuria, hakukuwa na chochote ila mikono yake.

"Unaona, papa," alisema askari. "Haigawanyike. Donc ni yangu."

"Juu ya nini iwe yako? Iwe yangu!"

Askari akaigusa bunduki yake begani, bila hasira, jinsi mtu anavyogusa mfuko kuonyesha kwamba funguo zimo. Basi Melchior akafungua mipira. Bidoni mbili zikashuka, zikabebwa kwenda nyuma ya magogo. Na huko, zikiwa zimesimama kwenye majani yenye umande, Melchior aliona nyingine mbili za manjano, zimezibwa kwa majani ya mgomba aliyoyasokota yeye mwenyewe.

"Yule mwenye mashavu ya kuingia ndani," alisema askari, akifuata macho yake. "Amepita jana magaribi, jua likizama. Ni mwenzako?"

"Ni mwenzangu."

"Na yeye alikuwa na tatu. Tulikamata mbili, akabaki na moja. Yeye hakusema kitu, alifungua tu." Kijana akapiga miayo, kisha akacheka, na safari hii alicheka kweli. "Mais ndeko, ndugu yangu, bino mibale, ninyi wawili, hamuna akili! Kama mungekuya pamoja, munasema huu ni mzigo moja, zingekuwa sita. Tungekamata tatu, munapita na tatu. Hakuna ya kugombania. Mumekuya kila mutu na yake, sasa tuko na ine, na ninyi muko na mbili. Ile moja mumetupatia bure!"

Wenzake wakacheka naye. Melchior alisimama pale na bidoni yake moja. Alikuwa ametukana, amebishana, amepanda mlima peke yake kwa tatu, na alikuwa akiondoka na moja, sawasawa na siku alizobeba mbili. Aliona aibu iliyomchoma masikio. Nne na mbili zingebakiza tatu. Sita kwa pamoja zingebakiza tatu. Tatu na tatu, kila mmoja na hasira zake, zilibakiza mbili. Ile iliyopotea ilikuwa ni mandazi ya Victorine.

Akashuka upande wa Butembo akikimbia na baiskeli nyepesi. Bado palikuwa na njia. Yeye alikuwa na moja, Kahongya alikuwa na moja. Wakimimina nusu kila mmoja, Victorine angepata bidoni iliyojaa, na kila mmoja wao angebaki na nusu. Jua likipanda mafuta yangelainika. Hesabu hii ilikuwa ya kweli, na haikuhitaji ruhusa ya askari.

Alimkuta Kahongya nyumbani kwake, amejifunika blanketi kwenye kiti. Homa ilikuwa imerudi. Mkewe alimpa Melchior kiti bila kumsalimia.

"Yaya Kahongya," alisema Melchior. "Ulikuwa na haki. Bamekamata mbili."

"Ninajua."

"Nimekuja kukuomba. Nusu ya yako, nusu ya yangu. Tumupatie Victorine yenye kuyala. Jokébed hataki pungufu."

Kahongya akageukia mlangoni. Nje, watoto wake walikuwa wakila muhogo bila kitu.

"Juzi," alisema Kahongya, "hungeomba. Ningekupatia nzima na ningelala njaa. Hippolyte alikuwa ndugu yangu, weye unajua. Mais ulisema homa yangu ni ya uongo, na unaona niko namna gani. Hii bidoni njo chakula ya batoto bangu na njo dawa yangu. Bidoni ulinitukana juu yake, siwezi kukupatia nusu yake."

"Kahongya, ni juu ya Victorine, haiko juu yangu."

"Ulilitia jina lake mu matusi. Enda."

Melchior akatoka. Akaenda nyumbani kwake, ambako mke wake Léa alikuwa ameshawaambia majirani kwamba leo mboga itapata mafuta. Walikuwa na watoto watano. Alifikiria kuipeleka bidoni nzima kwa dada yake, akaiona sufuria ya Léa, akashindwa. Siku ilipopata joto walimimina wawili, polepole, mpaka mafuta yakawa sawa huku na huku. Hakuipendelea nyumba yake hata tone moja. Akachukua nusu akaenda sokoni.

Victorine alikuwa amesimama kando ya jiko la Jokébed, amevaa kitambaa safi kichwani. Grady na Élodie walikuwa wameketi chini karibu na beseni la unga uliokandwa. Walipomwona mjomba wao wakaruka.

"Muyomba amefika! Mama, mafuta!"

Victorine akaipokea bidoni kwa mikono miwili. Uzito wake ulimwambia kabla ya macho. Akaitikisa kidogo, akasikia mafuta yakigonga ndani.

"Hii ni nini, yaya?"

"Ni nusu."

"Nusu ya nini?"

Melchior akamweleza. Hakuficha kitu: tatu na tatu, maneno aliyomrushia Kahongya, mafuta yaliyoganda, askari aliyecheka, na kile askari alichosema kuhusu sita. Alipomaliza, Victorine hakulia. Angelia ingekuwa nafuu.

"Yaani walikuwa tayari kuiacha," alisema. "Basoda. Walikuwa tayari kuniachia, na ninyi wawili hamukuweza kungojana."

Jokébed alikuwa amesikia yote. Hakuwa na moyo mbaya. Alichungulia ndani ya bidoni, akapima kwa macho, akatazama lile beseni la unga uliokwisha kuumuka na watu waliokwisha kupanga foleni. Nyuma yake alisimama mwanamke mwingine, Orpa, na bidoni iliyojaa mpaka shingoni.

"Mama Grady, hii itakwisha kesho," alisema Jokébed. "Na keshokutwa nitakaanga na nini? Unisamehe."

Orpa akamimina mafuta kwenye karai. Yalipopata moto, andazi la kwanza likazama, likaibuka limevimba, na harufu yake ikajaa soko zima. Élodie akanyoosha mkono, na Grady, ambaye alikuwa mkubwa kidogo, akaushusha.

Victorine akajitwika ile nusu kichwani. Melchior akajaribu kuishika amsaidie, naye akausogeza mkono wake pembeni, taratibu kama anamfukuza nzi.

"Wacha, yaya. Haiko nzito," alisema, akawaita watoto wake wakaenda.